Wote walimjibu "Karibu", na hakuna aliyejua amletee nini

Ilikuwa Jumanne asubuhi, SNEL wamekata umeme tena, groupe ya biro haijawashwa, sisi wote tuko na simu mkononi tunangoja, na simu zote zikalia pamoja. Imeili. Kwenye `Objet` imeandikwa "Salamu". Mtumaji jina kubwa lote kwa herufi kubwa, hatumjui. Nikafungua.

Alikuwa yule kijana mpya aliyeingia Jumatatu, amekaa meza ya pembeni karibu na dirisha. Ameandika vizuri kweli, Swahili safi, amemshukuru Mungu, amemshukuru shefu, ameeleza shule aliyosoma Likasi, chuo alichomaliza hapa Lubumbashi, staje alizofanya, kwamba anapenda kazi ya timu na mpira, na mwisho ameweka picha yake amevaa suti. Picha ikachukua muda kufunguka kwa sababu koneksio ya simu ilikuwa ya kuhurumia.

Kabla ya saa sita mchana majibu yalikuwa yamejaa. "Karibu sana." "Karibu kaka." "Karibu kwenye familia." Wote wamebonyeza `Répondre à tous`, kwa hiyo simu yangu ilikuwa inalia kila dakika, na miye pia nikaandika Karibu, ningefanya nini.

Zaidi ya wiki mbili baadaye kamio moja ikawa imelala Kasumbalesa, FERI yake haipo.

## Zilikokuwa karatasi

Kwa msiofanya tranziti nieleze haraka. Mzigo ukitoka ng'ambo kuja Kongo unahitaji karatasi ya OGEFREM, ofisi ya serikali ya mizigo, inayoitwa FERI, na hiyo unaitafuta mapema, mzigo bado uko njiani, siyo ukishafika mpakani. Sisi mizigo mingi inashukia Dar es Salaam, inapanda barabara, Tunduma, inakatiza Zambia yote, inaingia kwetu kwa Kasumbalesa. Wa Dar ndio wanaoona konosamenti kwanza, ile karatasi ya meli inayoonyesha mzigo ni upi na wa nani, wanaiskani, wanaituma kwa mtu wetu wa FERI hapa Lubumbashi. Mtu wetu akichelewa kuipata, kamio inafika mpakani kabla ya karatasi yake, na hapo kila siku inayolala kuna mtu anailipia.

Sasa huyo kijana ndiye alikuwa mtu wetu wa FERI. Njo kazi aliyoajiriwa kufanya.

Na wa Dar walikuwa wameituma konosamenti, tena kwa wakati. Waliituma kwa yule wa zamani, aliyekwenda kutafuta maisha Kolwezi. Sanduku lake la imeili halikuwa limefungwa, basi ujumbe uliingia salama, haukurudi na kosa lolote, ukakaa mule ndani na wenzake wengi. Aliyeutuma aliona "imetumwa", akalala.

Kwenye kikao kila mtu akamtazama kijana, na kijana akasema kitu ambacho kilinibakia kichwani kwa wiki kadhaa: "Lakini nilijitambulisha kwa wote."

Ni kweli. Alijitambulisha. Wa Dar walikuwa kwenye orodha na walimjibu Karibu.

## Nilidhani ni urefu

Miye wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba ile imeili ilikuwa ndefu mno. Ndivyo watu wote wanasema, andika fupi, watu hawasomi. Nikairudia kuisoma, nikajaribu kuikata kichwani: toa Likasi, toa mpira, toa picha. Ikabaki mistari minne mizuri ya heshima.

Na bado haikusema kitu.

Hapo nikaanza kuwa na shaka na lile wazo la ufupi. Nikaenda kwa papa wa arshivi, muzee ambaye amekaa biro ile kuliko sisi wote na hana haraka na kitu, nikamuonyesha kwenye simu. Akasoma yote bila kuruka, akavua miwani.

"Mama, huyu mutoto ametuambia kwenye anatoka. Hakutuambia tumuletee nini."

Baada ya hapo nikaanza kusoma imeili za namna hii kwa jicho lingine. Nikatafuta kwenye sanduku langu zote za watu walioingia miaka ya karibuni (kuzipata ilikuwa taabu, nyingi zina `Objet` ya "Salamu" au "Bonjour", ukitafuta "Salamu" inakuletea nusu ya maisha yako). Karibu zote zilikuwa za aina ile ile: mtu anasimulia ya nyuma. Nadhani ni kwa sababu wiki ya kwanza bado uko kwenye akili ya kuomba kazi, barua ya mwisho uliyoandika ilikuwa ya kujinadi, mkono bado uko huko. Ila hawa wa sasa hawakuchagui tena. Umeshachaguliwa. Wao wanataka kujua kitu kimoja ambacho CV haina: kesho asubuhi, ni ipi kati ya karatasi nilizo nazo mkononi inapaswa kwenda kwako badala ya kwa mtu mwingine.

Ukiangalia hivyo, urefu si shida sana. Mistari kumi na tano inayojibu hilo watu wataisoma mpaka mwisho, wataitafuta tena baada ya miezi.

## Dada wa meza ile ile

Kijana akahamishiwa ghala, kwa amani, hakufukuzwa. Nafasi yake akaletwa dada mmoja ambaye amewahi kufanya kazi ya deklaran, mtu wa karatasi za forodha, kule Kasumbalesa. Tuseme anaitwa Ngoy Kalenga Mado, jina lake si hilo. Shefu akaniambia nimsaidie "ile imeili, isitokee tena". Hivyo nikajikuta na swali langu la wiki zote likiwa limekaa mbele yangu, na kalamu mkononi.

Siku ya kwanza alitaka kutuma papo hapo. Nikamwambia ngoja.

Kwanza, shefu alikuwa hajamtangaza. Kwetu hapa ukijitangaza kabla shefu hajakutangaza, kuna watu watasoma kitu ambacho hukuandika, kwamba huyu ameingia kwa mlango mwingine. Nilisita kidogo hapo, nikajiuliza kama si heshima za bure tu, maana shefu naye anaweza kukaa wiki nzima bila kuandika. Lakini kuna sababu ya kazi pia: mtu wa Dar hawezi kubadilisha pa kutuma konosamenti kwa neno la mtu asiyemjua. Na asifanye hivyo! Matapeli wa imeili wanaingia kwa mlango huo huo, "habari, miye ni mpya, kuanzia leo tumeni kwangu". Neno la shefu ndilo linampa ruhusa. Kwa hiyo tulimwomba shefu mistari miwili tu, na Mado akaandika yake kwa kujibu ile ya shefu ili zote mbili zikae pamoja kwenye uzi mmoja, ila akabadilisha `Objet`.

Programu nyingine ukibadilisha `Objet` zinaukata uzi. Haina neno. Maneno ya shefu yanabaki chini ya imeili, msomaji anayaona.

Pili, remiz-repriz ilikuwa haijasainiwa. Ile karatasi ambayo wa zamani na wa mpya wanaandika pamoja: dosye hizi zimefungwa, hizi ziko wazi, hizi nakuachia. Bila hiyo utaandikaje "leteni kwangu"? Zipi? Wiki ya kwanza karibu kila mpya anakuwa na siku mbili tatu ambazo kazi iko katikati, siyo ya yule wala si yake, na ukituma siku hizo unasema uongo bila kujua. Wakasaini Jumatano jioni. Imeili ikapangwa Alhamisi.

Kwa nini Alhamisi na si kusubiri Jumatatu? Jumatatu asubuhi sanduku la kila mtu limejaa mambo ya kamio za wikendi, unazikwa. Ijumaa mchana wa Dar wengi wanakwenda msikitini, na jioni ni wikendi. Basi Alhamisi 08:30 ya kwetu, Dar ni 09:30, wameshakunywa chai.

## Jina

Hapa ndipo tulikaa muda mrefu kuliko pote, na sikutegemea.

Sisi Wakongo tuna nom, postnom na prénom, na tangu mambo ya Mobutu ya 1972 mpaka leo kila mmoja anayapanga anavyotaka. Mtu wa informatike akifungua akaunti anaanza na nom kwa herufi kubwa. Kwa hiyo kwenye simu ya mtu wa Dar inatokea NGOY KALENGA, basi. Huyo mtu hajui Ngoy ni jina la baba, la ukoo, au la ubatizo. Na hajui ni mwanaume au mwanamke, kwa sababu Ngoy, Ilunga, Kasongo, hayo majina huku kwetu mwanaume anaitwa na mwanamke anaitwa.

Ukifikiri ni kitu kidogo, angalia kinachofuata. Mtu wa Dar ana adabu, anataka kuanza na "Kaka" au "Dada". Hajui. Anaogopa kukosea. Anaandika "Habari" kavu, au anamwandikia yule anayemjua na kumwomba apitishe. Nimewaona wakifanya hivyo! Yule kijana wa kwanza, wa Dar walikuwa wanampitishia vitu kupitia kwangu, na miye nilidhani ni mazoea yao tu.

Mado mwenyewe hakutaka kuandika "dada". Alisema inaonekana kama anajilegeza, huko mpakani alizoea kuitwa shefu na madereva. Tukabishana. Mwisho alikubali kwa sababu ya kiutendaji, watu wa Dar wakimpigia simu wakasikia sauti ya mwanamke wasidhani wamekosea namba. Akaandika kwa namna yake, utaiona chini.

Kitu kingine kwenye salamu: rasimu ya kwanza ilianza na "Shalom, watumishi wa Mungu". Hapa Lubumbashi nusu ya biro ingefurahi. Lakini orodha ina Waislamu wa Dar wengi tu, na salamu ambayo inawaacha nje nusu ya wanaoisoma ni mwanzo mbaya. Tukaweka habari za asubuhi.

## Mistari yenye majina ya watu

Rasimu ilikuwa na sentensi: "Nashughulikia dosye zote za njia ya Dar." Nzuri, wazi, fupi. Nilikuwa tayari kuipitisha.

Papa wa arshivi akasema imeili inayotaja kazi ya watu ipite kwanza kwa watu hao. Sikupenda, niliona tunafanya kikao kwa ajili ya barua moja. Lakini Mado akaituma kwa watatu: shefu, kijana aliyemwachia kazi, na kolege wetu wa Kasumbalesa. Aliwauliza swali moja tu, kuna mstari unaokuhusu ambao si kweli?

Wa Kasumbalesa akajibu baada ya dakika chache. Sulfuri! Sulfuri inayokuja kwa ajili ya viwanda vya migodi nayo inapita Dar, lakini kwetu ina mtu wake tangu zamani, na "dosye zote" ingemaanisha yule mzee wa sulfuri anasoma kwenye imeili, mbele ya wote, kwamba kazi yake imepewa mtoto mpya.

Hebu fikiria hiyo Alhamisi.

Na kijana wa ghala naye akasahihisha: dosye zilizokuwa zimeshafunguliwa kwenye jina lake atazimaliza mwenyewe, kwa sababu ameshaingia kwenye mfumo na kubadilisha katikati ni kuchelewesha. Hilo lilikuwa ndani ya remiz-repriz, ila kwenye imeili halikuwepo. Bila mstari huo wa Dar wangemtumia Mado nyongeza za dosye ambazo hana.

Neno "zote" likatoka. Nimegundua kwamba mstari wa "visije kwangu" unafanya kazi zaidi ya mstari wa "vije kwangu". Mtu akisoma kile unachofanya anakubali kwa kichwa, anapita. Akisoma kile usichofanya na kwa nani kiende, anaona mpaka, anajua asimame wapi.

## Iliyotumwa

Hii hapa, nimeondoa majina ya wengine na namba:

> Objet : Ngoy Mado – FERI za njia ya Dar, kuanzia Alhamisi
>
> Mado hapa, FERI za njia ya Dar sasa ziko kwangu. Habari za asubuhi ndugu zangu wa Lubumbashi, Kasumbalesa na Dar.
>
> Jina kamili ni Ngoy Kalenga Mado. Niiteni Mado, na wa Dar msihangaike, ni dada. Nimepokea kazi hii kwa kolege wetu aliyehamia ghala, tumesaini remiz-repriz jana.
>
> Mniletee: konosamenti, fakture ya mzigo na fakture ya freti, mara tu mnapozipata, hata kama moja bado haijatoka. Msingoje zitimie.
>
> Visije kwangu: sulfuri (inabaki kwa mzee wetu, kama zamani) na malipo (kwa kaisha). Dosye zilizofunguliwa kabla ya leo anazimaliza kolege wa ghala. Kama hujui iko kwa nani, niulize miye, nitaitafuta.
>
> Niko biro 07:30 mpaka 16:30 saa ya Lubumbashi, yaani 08:30 mpaka 17:30 saa ya Dar. Umeme ukikatika imeili zinanichelewa, nipigieni. Namba iko chini.
>
> Nilikuwa deklaran Kasumbalesa, kwa hiyo baadhi yenu tumeshaonana mpakani bila kujuana majina.
>
> Hakuna haja ya kujibu. Ila kama una mzigo wa haraka wiki hii, nitumie namba ya konosamenti leo.

Vitu vichache kuhusu hii, maana vingine havionekani.

Mstari wa kwanza umeanza na kazi kabla ya salamu. Mado aliona ni kukosa adabu, na kwa macho ya mama yangu kweli ni kukosa adabu. Lakini simu inaonyesha mtumaji, `Objet`, na maneno ya mwanzo tu. Ukianza na salamu ndefu, hayo maneno ya mwanzo yanaliwa na salamu. Tukaafikiana hivyo, kazi kisha salamu, pumzi moja.

Jina liko kwenye `Objet` pamoja na "FERI". Baada ya miezi mitatu mtu akiandika FERI kwenye kutafuta, au Mado, inatokea. "Salamu" haitokei kamwe, au inatokea na mia nyingine.

Saa zimeandikwa kwa tarakimu na mji. Sisi na Dar tunapishana saa moja, Kinshasa nao wako saa moja nyuma yetu ndani ya nchi moja, na ukimwambia mtu wa Dar "saa mbili" kwa mdomo yeye anaelewa 08:00, mwingine wa huku aliyezoea kuhesabu kwa Kifaransa anaelewa vingine. Tarakimu hazibishani.

Picha hakuna. Kiambatisho kwenye imeili kinageuzwa kuwa herufi ili kisafiri, na kikigeuzwa kinanenepa kwa theluthi moja, picha ya mega 3 inasafiri kama mega 4. Zidisha kwa kila mtu aliye kwenye orodha anayesoma kwa mega zake za simu. Hata logo ya kampuni kwenye saini tuliipunguza. Sura yako watu wataiona, biro ni moja.

Na maisha ya nyuma yamepata mstari mmoja, ule wa Kasumbalesa, kwa sababu unasaidia: unamwambia msomaji kwamba huyu anajua kamio ikilala mpakani inakuwaje. Likasi na mpira vingekuwa vizuri pia, ila hivyo vinangoja siku tukikaa kula bukari.

## Si ungeweka tu kwenye WhatsApp?

Najua kuna mtu anasema hivyo, na miye mwenyewe nilisema. Kazi yetu nusu iko WhatsApp, tusidanganyane, picha za plombu, namba za kamio, "umefika wapi", yote kule. Tena kule wanamjibu haraka.

Lakini grupu linatiririka. Ukijitambulisha asubuhi, jioni umeshazikwa chini ya picha za kamio na mahubiri ya Jumapili. Na mtu mpya wa Dar anayeingia mwezi ujao, simu yake huenda isiwe na ujumbe wa kabla yake, wakati imeili anaweza kupitishiwa na mwenzake kwa kubonyeza mara moja. Tulichofanya ni hivi: imeili kwanza, kisha kwenye grupu mistari miwili, "Mado, FERI za Dar, angalieni imeili ya leo".

Orodha ya `Cc` nayo ilileta mjadala, nani awemo. Mado alitaka kumweka kila mtu wa kampuni, asimsahau mtu akachukia. Nikamwambia wasiogusa FERI shefu ameshawatangazia, wewe waandikie wanaokuletea karatasi na wanaozipokea kutoka kwako. Walibaki watu wachache, wote wanaonekana kwenye `Cc`, hatukutumia `Cci` kwa sababu mtu wa Dar anatakiwa aone kwamba wa Kasumbalesa naye amepata habari ile ile.

## Siku hiyo na zilizofuata

"Hakuna haja ya kujibu" haikuzuia wote, Karibu tatu nne zilikuja, si vibaya. Ila kabla ya mchana ikaja ya Dar yenye namba ya konosamenti, haina Karibu wala nini, "Dada Mado, hii ni ya haraka, meli inaingia wiki ijayo, fakture ya freti bado." Mado akanigeuzia kompyuta nione. Kwangu njo kipimo: ukipata salamu tupu wiki nzima, kaa na wasiwasi, nenda kaulize kazi yako inakwenda kwa nani.

Alikaa na wasiwasi kidogo hata hivyo, akaomba kitu ambacho hakuna aliyekumbuka kumfanyia kijana. Lile sanduku la zamani la mtu wa Kolwezi, na la kijana pia, viwekewe `Réponses automatiques`. Mtu wa informatike alikuwa anataka kulifunga kabisa lile la Kolwezi, tukamwomba asifunge kwanza, kwa sababu likifungwa ujumbe wa mtu utarudi na maneno ya mashine ambayo wengi hawayasomi. Likiwa wazi na jibu la wenyewe, anapata mstari wa Swahili: FERI za njia ya Dar sasa ziko kwa Mado, mtumie yeye, hapa hapasomwi. "Hapa hapasomwi" aliiandika Mado. Siku chache baadaye wawili wa Dar walikuwa wamejigonga pale na kurudi kwake wenyewe, mmoja akiwa ni yule yule aliyejibu Karibu mara ya kwanza na mara ya pili.

Simlaumu. Anafungua konosamenti, anaandika herufi mbili za mwanzo za jina, mashine inamjazia adresi ya zamani, anabonyeza. Kidole kina mazoea yake. Nikamwandikia pembeni afute ile adresi kwenye zile zinazojijaza, unapeleka mshale juu yake unabonyeza kale ka `×` pembeni, akasema hakujua kama inawezekana.

Mzee wa sulfuri anapumzika mwisho wa mwaka. Shefu ameshaniuliza nani atamsaidia atakayeingia kwa ile imeili, nikamwonyesha Mado, Mado akasema sawa, ila kwanza remiz-repriz isainiwe.